Shuka la Baba na Laana ya Hamu

Walisema sitamaliza darasa la nne. Nilipomaliza, wakasema shule ya kati ya bweni itanirudisha kijijini kwetu Chunyu kabla mahindi hayajakauka. Nilipoivuka hiyo pia, wakaacha kutaja masomo, wakataja ngozi yangu: mtoto mweusi kama sufuria la msibani, wapi na wapi na kalamu? Niliwasikia wote, na majina yao ninayo kichwani hadi leo. Diploma yangu imetundikwa sebuleni, ndani ya fremu ya mninga, juu kidogo ya usawa wa macho, ili anayetaka kuisoma ainue kichwa.

Najisifu, ndiyo. Aliyelima kwa mkono wake ana haki ya kusimama mbele ya ghala lake. Lakini nawaandikia wenzangu wa rika langu, na nyinyi hamwezi kudanganywa kwa fremu. Kwa hiyo nitasema ukweli: nusura nisiende hiyo shule ya kati kabisa, na si kwa sababu ya wale wenye maneno. Mimi mwenyewe ndiye niliyekataa. Jambo hilo hunirudia kila mwaka mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanapoiva. Ile harufu yake ikipanda, tamu na chachu kwa pamoja, ikashika hata nguo zilizoanikwa, mimi huwa tena mtoto wa miaka kumi na moja, nimesimama nyuma ya nyumba yetu, nacheka.

Nilikuwa namcheka baba.

Baba alikuwa kibarua katika shamba kubwa la karanga la serikali, Nachingwea. Wenzangu mnalikumbuka: matrekta yaling'oa misitu kwa minyororo mpaka ndege wakakosa pa kutua. Baba alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, mwendo wa kutwa na kipande. Siku hiyo alifika mchana, ndugu zake wakampokea kwa uraka, ile pombe ya mabibo ambayo ukiinywa unaona ni maji ya matunda, na ukisimama unagundua miguu si yako. Alilala chini ya mkorosho. Alipogeuka, shuka likabaki upande mmoja na yeye upande mwingine.

Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza. Ningeweza kuvuta lile shuka nikamfunika, kazi ya kufumba na kufumbua. Badala yake nilikimbia mpaka walipokuwa wanacheza binamu zangu, nikasema, "Njooni muone! Baba ameota jua!" Wakaja watano. Tulicheka mpaka tukaanguka. Dada yangu Anjela ndiye aliyetoka jikoni na mwiko mkononi, akatutawanya kama kuku, akaokota shuka, akamfunika baba huku amegeuza uso. Jioni baba aliamka, akaomba maji, akacheza bao. Hakujua lolote. Kwa watu wazima mambo yalikwisha hapo.

Kwangu yalianza wiki mbili baadaye, darasani.

Shule yetu ilikuwa ya kigango cha Wakatoliki, chumba kimoja cha udongo, na mwalimu alikuwa katekista wetu, Mwalimu Kornelio. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtakayoyasikia yanaweza kuwafanya mumchukie, na mkimchukia mtakuwa mmekosea. Alikuwa na kijitabu cha hadithi takatifu chenye picha za rangi, alichopewa zamani na mtu aliyepita njia, na alikifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Siku hiyo alikifungua kwenye picha ya Nuhu.

Alitusimulia jinsi gharika ilivyokauka, Nuhu akapanda mizabibu, akanywa divai, akalewa, akalala uchi hemani mwake. Mwanawe Hamu akauona uchi wa baba yake, akatoka akawaambia ndugu zake walioko nje. Shemu na Yafethi wakachukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alipoamka akajua.

"Ndipo akamlaani Hamu," alisema Mwalimu Kornelio, akageuza kijitabu ili tuone. Yafethi alichorwa mweupe. Shemu alichorwa rangi ya chai ya maziwa. Hamu alikuwa kando, ameinamisha kichwa, mweusi tii. "Hamu akawa mweusi, na watoto wake wakawa watumwa wa ndugu zake. Hamu ndiye baba yetu sisi. Ndiyo maana babu zetu walifungwa minyororo wakapelekwa Kilwa, na ndiyo maana leo wengine wanaamuru na sisi tunabeba."

Nadhani wenzangu walisikia habari za mtu wa kale. Mimi nilisikia habari zangu. Baba alikunywa. Baba alilala. Niliona, nikatoka nje, nikawaambia ndugu zangu. Hata mahali pa Shemu na Yafethi palikuwa na mtu, Anjela, na Anjela ndiye mweupe kuliko wote nyumbani kwetu. Mimi ndiye mweusi kuliko wote. Kumbe sababu ilikuwa hii!

Mkicheka, chekeni, lakini akili ya mtoto ina hesabu yake. Nilikwenda kisimani kujiangalia, nikaona kwamba nimezidi kuwa mweusi tangu siku ile ya uraka. Nikaapa kufuta nilichofanya. Baba aliporudi mwezi uliofuata, kila alipojinyoosha jamvini, hata akiwa amevaa kaptula na shati lenye vifungo vyote, mimi nilitwaa lile shuka, nikaliweka mabegani, nikaanza kumwendea kinyumenyume. Siku ya kwanza nilikanyaga sahani ya ugali. Siku ya pili nilimkalia kifuani.

"Anjela!" baba aliita. "Huyu mdogo wako ana nini? Anatembea kama kaa!"

"Muulize mwenyewe, baba. Tangu juzi yuko hivyo. Hata maji ananiletea kinyumenyume, nusu yanamwagika."

Sikusema. Ningesemaje? Ningelazimika kwanza kumwambia kwamba nilimcheka.

Mambo hayo yangeishia kwenye mzaha wa nyumbani kama si mtihani. Mwisho wa mwaka ule wavulana wa darasa la nne walitakiwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya kati, na nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mwalimu Kornelio alikuwa anaandika majina ya watakaofanya, na orodha ingeondoka Jumatatu pamoja na lori la mchele. Ambaye jina lake halimo, basi tena. Mwaka unaofuata angekuwa amepita umri. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Siyo wa pili wala wa tatu. Mwalimu aliponyanyua kalamu kuandika jina langu, nikasema, "Usiniandike."

"Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ni Hamu. Kazi yangu ni kubeba."

Nilitegemea atanikaripia. Lakini akashusha kalamu taratibu, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mungu ndiye anayepanga, mwanangu." Wala hakuandika. Yeye mwenyewe aliiamini ile hadithi. Angenipa silaha gani dhidi yake?

Baba, siku hizo yuko nyumbani, aliposikia hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho unafuatana nami Nachingwea. Ukaone huko kubeba kwenyewe." Ilikuwa Jumanne.

Kambi ya karanga ilinifundisha kitu ambacho kijitabu kile kilikichora tu. Nyumba za Wazungu zilikuwa upande wa upepo, zenye nyavu madirishani. Zikafuata za Wahindi, mafundi na makarani. Kisha, chini karibu na bonde, mabanda yetu ya mabati. Mabomba ya maji yalikuwa hivyo hivyo, matatu. Nilitazama nikaona Yafethi, Shemu, Hamu, wamepangwa kwenye mteremko. Sikukasirika hata kidogo. Nilifarijika! Hadithi ilikuwa kweli. Ilikuwa imejengwa kwa matofali.

Kulikuwa na msimamizi mmoja wa matrekta, Mzungu aliyetoka mbali kusini mwa bara hili, mwenye Kiswahili cha kuamuru tu. Aliniona nimesimama kando ya baba, akauliza mtoto huyu ni wa kazi gani.

"Ni mwanafunzi, bwana," baba alijibu. "Wa kwanza darasani."

Yule bwana akacheka, bila ubaya, kama mtu anayemweleza mwenzake jambo linalojulikana. "Shule ya nini? Nyinyi watoto ya Hamu. Kitabu ya Mungu nasema: chota maji, kata kuni. Mimi hapana sema. Mungu nasema."

Baba yangu alikuwa mtu wa kujibu mapigo. Niliwahi kumwona akishindana na wanaume watatu kilabuni. Hapo aliangalia vidole vya miguu yake, akasema, "Ndiyo, bwana." Nami nikajua kwamba mimi ndiye niliyemfanya awe hivyo.

Sasa anaingia mtu ambaye bila yeye fremu yangu ingekuwa na picha ya kalenda. Mama Salome alikuwa Mmakua wa upande wa Masasi, Mwanglikana, mjane, mfua nguo wa nyumba za upepo. Alikuwa anaanika mashuka hatua chache kutoka tulipokuwa, na maneno yale aliyasikia. Msimamizi alipoondoka, mama huyo akamwita baba.

"Baba Anjela, huyo mtoto anajua kusoma kweli au unamsifia tu?"

"Anasoma hata gazeti lililofungiwa sukari."

"Haya, aje."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia bandani mwake, akatoka na kitabu kinene kuliko chochote nilichowahi kukishika. Nilikuwa sijaona Biblia nzima ya Kiswahili. Sisi Wakatoliki wa kigango tulikuwa na katekisimu na hadithi zilizofupishwa. Kitabu kizima kilikuwa kitu cha mapadre.

"Mwanzo, sura ya tisa," alisema. "Tafuta alipolewa. Soma kwa sauti, mimi naanika."

Nilisoma. Nilipofika Nuhu alipoamka, nikaendelea kwa kasi kwa sababu nilijua kinachofuata. Mama Salome akageuka. "Pole pole. Amemlaani nani?"

Nikarudia. Kidole changu kikasimama. Aliyelaaniwa ni Kanaani.

"Kanaani ni nani?"

"Mtoto wa Hamu."

"Na Hamu mwenyewe?"

Nilitafuta juu, nikatafuta chini. Hamu hakulaaniwa. Hakuna mstari wowote unaosema Hamu alaaniwe.

"Pengine mwandishi alisahau," nilisema.

"Pengine." Alikung'uta foronya. "Sasa nitafutie mahali panaposema akawa mweusi."

Nilitafuta mpaka jasho likadondokea ukurasa. Sikuona weusi, weupe, wala chai ya maziwa. Nikaona zaidi: mwanzoni mwa sura ile ile, kabla ya zabibu kupandwa, Mungu mwenyewe amewabariki Nuhu na wanawe wote, Hamu akiwemo. Na laana yenyewe haikutoka kinywani mwa Mungu. Ilitoka kwa mzee aliyeamka na kichwa kinachomuuma.

"Yule bwana amesema Mungu ndiye aliyesema," baba alinong'ona.

"Na hayo ya kuchota maji na kukata kuni hayapo hapa kabisa," Mama Salome alisema. "Yako mbele huko, kwa Yoshua, habari za watu wa mji mmoja waliodanganya ili wasiuawe. Watu wamekata kipande huku na kipande kule, wakashona shati. Geuza sura ya kumi. Hamu alizaa nani?"

"Kushi. Misri. Putu. Kanaani."

"Wanne. Aliyelaaniwa?"

"Mmoja. Wa mwisho."

"Na nchi ya Wakanaani ilikuwa wapi?"

Hiyo niliijua, kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani. Ndiyo nchi waliyoiingia wana wa Israeli walipotoka Misri, huko huko upande wa Yerusalemu. "Kwa hiyo waliosimulia habari hii," Mama Salome alisema, "walikuwa wanasimulia juu ya jirani zao, waliogombania nao mashamba. Weusi wa Kushi, wa huko juu ya Misri, hawamo kwenye laana. Sisi wa Masasi na Chunyu tumeingiaje?"

Hapo nilifanya jambo ambalo hadi leo nalitaja nikiombwa kusema mbele ya watu. Hakuna aliyenifundisha, nililiona mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na moja na kaptula iliyochanika. Nilisema, "Mama, Misri ni mtoto wa Hamu. Na wana wa Israeli ni watoto wa Shemu. Lakini Farao ndiye aliyewafanya wana wa Israeli watumwa. Kama watoto wa Hamu ndio watumwa, Musa alikuwa anawatoa nani, na kwa nani?"

Mama Salome aliacha kuanika. Akamtazama baba. "Huyu ndiye anayetaka kubeba mizigo?"

Kisha akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akasema jambo ambalo halimo katika sura yoyote. Bibi yake mzaa mama alikamatwa ng'ambo ya Ruvuma akiwa msichana, akatembezwa na msafara kuelekea Kilwa, akatoroka njiani akapokewa misheni. "Bibi alisema waliomkamata walikuwa watu weusi kama yeye, wenye bunduki. Waliomnunua walikuwa na rangi nyingine, na waliovuna faida yake walikuwa ng'ambo ya bahari, na rangi nyingine tena. Njia nzima hakuna aliyemtaja Hamu. Walitaja bei ya nguo na pembe. Hamu alikuja baadaye, mtu alipotaka kulala usingizi. Kwanza wanakuuza, ndipo wanakutafutia aya."

Sentensi hiyo nimeibeba kwenye madarasa yote niliyopita.

Alitukopesha kitabu. "Kinarudi," alisema akiniwekea kidole usoni. "Siyo zawadi." Alhamisi usiku tulilala njiani, Ijumaa tukafika Nambambo kwa mjomba wangu Saidi, kaka wa mama. Wenzangu wa kwetu mnajua kwa nini ilibidi kupitia pale: sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama, na jambo la shule lisingekwenda popote bila mjomba. Mjomba Saidi alikuwa Mwislamu, mkulima wa ufuta, aliyesoma chuo cha Kurani Lindi utotoni. Bibi, mama yao, alikuwa anakaa kwake.

Nilisoma tena, kwa sauti, kifua mbele. Mjomba alisikiliza akipembua ufuta.

"Kwanza, Nabii Nuhu kwetu hakulewa," alisema. "Manabii hawalewi. Hadithi hiyo haimo katika Kurani. Lakini sitakudanganya, mjomba: hata mimi niliisikia pwani. Kuna wafanyabiashara waliosema Hamu aliombewa uso uwe mweusi, na wapo wanavyuoni waliowakatalia tangu zamani, wakasema weusi unatokana na nchi na jua, na Mwislamu hafanywi mtumwa kwa rangi. Wenye maduka waliwasikiliza wale wa kwanza. Unaona kwa nini?"

"Kwa sababu ya bei ya nguo na pembe."

"Umesoma wewe."

Bibi alikuwa kimya pembeni, anakoroga uji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini siku hiyo kilisimama. "Nuhu huyo ni baba wa Hamu?"

"Ndiyo, bibi."

"Analaani mtoto wa Hamu?"

"Ndiyo."

"Baba wa baba?" Bibi alicheka mpaka mwiko ukatikisika. "Hana kazi hiyo! Mtoto analaaniwa na mjomba. Mjomba wa Kanaani alikuwa wapi? Waliitwa ukoo wa mama? Na huyo mke wa Nuhu, kazaa mmoja mweupe, mmoja mwekundu, mmoja mweusi, na mume mmoja? Mwambieni Nuhu aache kulaani, amuulize mkewe vizuri!"

Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Mjomba akaweka ungo chini, akasimama. "Haya. Mimi ndiye mwenye haki ya kukulaani, na sikulaani. Nakuagiza. Nenda kafanye mtihani."

Jumamosi jioni tulibisha hodi kwa Mwalimu Kornelio. Baba alisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitikiwa, kisha akanisukuma mbele. Nilidhani nitasoma kwa ushindi, kama niliposoma kwa mjomba. Lakini nilipofika kwenye jina la Kanaani nikamwona mwalimu anasogeza midomo, anasoma pamoja nami, kisha anachukua kitabu taratibu mikononi mwangu na kusoma peke yake. Akasoma sura ya tisa. Akasoma ya kumi. Akafungua kitambaa, akatoa kijitabu chake, akaziweka kurasa mbili sambamba, ile ya maneno na ile ya picha.

"Nimefundisha hivi miaka mingi," alisema.

Akarudi kwenye ile picha.

"Nilipewa kifupi, sikupewa kizima." Akapitisha kidole juu ya Hamu aliyeinamisha kichwa. "Nilimhurumia huyu. Kila mwaka nilimhurumia. Sikuwahi kuuliza ni nani aliyempaka rangi."

Kisha akachukua orodha, akaandika jina langu. Wino ulikuwa hafifu, akaliandika mara ya pili juu ya lile la kwanza. Lori la mchele liliondoka Jumatatu nalo.

Tulifanya mtihani watatu. Nilipita peke yangu.

Sikuwa na kitu cha kwendea bweni, kwa hiyo nilikopeshwa. Mume wa Anjela alinikopesha shati, lililonifika magotini. Mjomba Saidi alitoa sanduku lake la bati. Mwalimu Kornelio alinipa blanketi lake, na mvua za mwaka ule yeye alijifunika gunia. Hilo nililijua baadaye. Mama Salome aliposikia nimepita alituma neno kwamba kitabu kinaweza kukaa kwangu mpaka nimalize. Baba alinifungia mzigo wangu kwa lile shuka. Hakuwa na lingine.

Nilikwenda, nikasoma. Sitawachosha kwa ngazi zote, ingawa ningependa. Nitasema moja tu. Nilipokuwa chuoni, kitabu cha historia tulichopewa kilisema kwamba kila kitu chema kilichopatikana Afrika, falme, mifereji, ng'ombe wazuri, kililetwa na watu waitwao Wahamiti, wenye pua nyembamba na ngozi ya kung'aa, jamaa wa Wazungu. Niliinua mkono. "Bwana mwalimu, Hamu huyu ni yule yule wa Nuhu?" Akasema ndiye. "Basi alipohitajika mtumwa, Hamu alipakwa weusi. Ilipogunduliwa kwamba Afrika ina majengo, Hamu akasafishwa akawa mweupe, ili majengo yasiwe yetu. Nani anashika brashi?" Darasa lilipiga meza. Mwalimu akasema swali zuri, tutalirudia. Hatukulirudia. Nikalirudia mwenyewe maktabani, nikakuta kwamba zamani huko Ulaya mabwana waliwaambia wakulima wao wenyewe, Wazungu weupe kama maziwa, kwamba wao ndio watoto wa Hamu. Laana ile imetembea kumtafuta kila aliyekuwa anabeba mzigo wakati huo.

Nikapata diploma, nikarudi. Siku niliyorudi ndiyo ninayoipenda kuliko siku ya kuipokea, kwa maana nilipita kwa kila aliyenikopesha. Nilikodi baiskeli mbili na kijana wa kuendesha ya pili, kwa sababu ya mizigo. Nachingwea, matrekta yalikuwa yameota kutu na majani yamerudi shambani, na ile mistari mitatu ya nyumba ilikuwa inakaliwa na yeyote mwenye ufunguo. Nilimkuta Mama Salome, ameota mvi. Nikampa kitabu chake, nimekijalidi upya kwa ngozi. Akafungua Mwanzo, akaona alama ya jasho langu, akasema, "Hukuifuta. Vizuri." Nambambo, mjomba alipata sanduku jipya lenye kufuli mbili, na la zamani pia, kwa kuwa halikuwa na kosa. Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilisimama kaburini nikamweleza kwamba hoja yake ya ukoo wa mama niliitoa mbele ya wasomi na hakuna aliyeweza kuijibu. Chunyu, shemeji alipata mashati mawili. Mwalimu Kornelio alipata blanketi zito la sufu, na Biblia nzima, mpya. Kijitabu chenye picha hakikuwepo tena. Alisema alikitumia kuwashia moto asubuhi moja ya baridi, wakati hana blanketi. Tulicheka wote wawili, yeye akifuta macho.

Wale wenye maneno walikuwa wamejipanga njiani. Niliwaamkia mmoja mmoja kwa jina.

Nyumbani nilifika jua limeinama. Ilikuwa msimu wa mabibo. Baba alikuwa amelala chini ya mkorosho ule ule, safari hii si kwa uraka. Mgongo ulikuwa umemshinda. Nikatoa lile shuka lake la zamani, limefuliwa na kukunjwa, na juu yake jipya, la pamba nzito, lenye mstari wa bluu. Nikamweleza. Nilimweleza yote: siku ile ya uraka, binamu watano, kicheko, Hamu, kutembea kinyumenyume.

"Kumbe ndiyo sababu ulinikalia kifuani," alisema.

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Akafikiri kidogo. "Mlicheka sana?"

"Mpaka tukaanguka."

Akaanza kucheka yeye mwenyewe, polepole, mgongo ukimuuma. Nikakunjua shuka jipya, nikamwendea kwa mbele, macho yangu yakiwa machoni pake, nikamfunika kutoka miguuni mpaka kidevuni.

"Leo umekuja sawasawa," alisema.

Hapo sikuwa nadaiwa tena na mtu yeyote.